Pauni 10,000 za Lodi Anglesea

Novemba 1743, mjini Dublin, mwanasheria mmoja kwa jina John Giffard alipanda kizimbani cha mashahidi katika Mahakama ya Hazina. Kabla hajaulizwa jambo lolote la maana, mawakili wa pande zote mbili walisimama na kuanza kubishana kama mtu huyu aruhusiwe kufungua mdomo. Kwa miaka mingi Giffard alikuwa mtu wa sheria wa Richard Annesley, Lodi wa Anglesea, na aliyoyajua kuhusu lodi huyo aliyajua kwa kazi hiyo. Sasa alikuwa ameitwa na adui wa mteja wake ayaseme mbele ya watu.

Adui mwenyewe alikuwa mpwa wa lodi, mtoto wa kaka yake. Aliitwa James Annesley, kijana wa miaka kama 28, mwenye mikono ya mtu aliyelima mashamba ya watu. Baba yake, Lodi Altham, alikufa mwaka 1727. James wakati huo alikuwa mtoto wa miaka kama 12, ameshafukuzwa nyumbani na anazurura mitaa ya Dublin. Baba mdogo, Richard, alijitwalia cheo na mashamba kana kwamba mtoto hayupo. Miezi michache baadaye akahakikisha kweli hayupo. Aprili 1728 James alikamatwa, akapakiwa kwenye meli na kupelekwa Delaware, koloni la Waingereza huko Marekani, akauzwa huko kama mtumishi wa mkataba. Alitumika kwa takriban miaka 12. Alipotoroka alifika Jamaika, akajiunga na manowari za Kiingereza, na mwaka 1741 akakanyaga Uingereza akisema yeye ni nani na anadai nini.

Mwanzoni Lodi Anglesea aliogopa. Kesi zilikuwa zinamwandama kutoka kwa ndugu wengine pia, na kwa maelezo ya Giffard alifikia hatua ya kusema ni afadhali amwachie kijana kila kitu, apewe posho ya kila mwaka, akaishi Ufaransa. Kisha tarehe 1 Mei 1742 jambo likatokea lililobadili hesabu zake. James alikuwa matembezini na bunduki karibu na Staines, kando ya Mto Thames, pamoja na mlinzi wa wanyama wa shamba la pale. Walimkuta mtu na mwanawe wakivua samaki pasipo ruhusa. Katika purukushani ya kuwania wavu, bunduki ya James ikafyatuka na mvuvi akafa.

Ilikuwa ajali, na juri ya London ilisema hivyo Julai mwaka huohuo. Ila kati ya Mei na Julai lodi aliona mlango. Kama mpwa angenyongwa kwa mauaji, kesi ya mirathi ingezikwa naye. Alimtuma Giffard aisimamie mashtaka hayo, akazilipa gharama kwa siri, na ndipo alipomwambia mwanasheria wake maneno ambayo mahakama ya Dublin ilikuwa sasa inagombania: kwamba hajali hata ikimgharimu pauni 10,000, mradi tu kijana anyongwe, maana hapo ndipo yeye atakapokaa na cheo chake na mashamba yake kwa raha.

Mtu atauliza maneno hayo yalitokaje nje. Yalitoka kwa sababu ya deni. Lodi hakumlipa Giffard fedha zake zote. Giffard akamshtaki kudai malipo, na katika kudai ilibidi aoneshe alifanya kazi gani na kwa nani. Orodha yake ya gharama ndiyo iliyowaonesha mawakili wa James kwamba nyuma ya mashtaka yale ya mauaji kulikuwa na mkono wa baba mdogo. Tajiri aliyekuwa tayari kutoa pauni 10,000 kumnyonga mpwa wake aliangushwa na ankara ya wakili ambayo hakuimaliza.

Mawakili wa lodi walikuwa na hoja nzito, na si hila ya kuokoa dakika. Sheria ya Kiingereza ilikuwa imekwisha kumlinda mwanasheria dhidi ya kulazimishwa kusema ya mteja wake kwa zaidi ya miaka 160. Mwaka 1577, katika shauri la Berd na Lovelace, mwanasheria Thomas Hawtry alipelekewa hati ya kumwita shahidini. Aliapa kwamba alikuwa akimtumikia mmoja wa wadaawa katika shauri hilohilo na amepokea ujira. Mahakama ikaamuru asilazimishwe kutoa ushahidi. Kumbukumbu ya amri hiyo ni mistari michache tu, wala haielezi sababu.

Sababu ambayo watu wa wakati ule walikuwa nayo kichwani, kadiri inavyoweza kusomwa katika mashauri yaliyofuata, ilihusu heshima ya mwanasheria mwenyewe. Mwungwana aliyepewa siri haitoi. Kumlazimisha aitoe ni kumvunjia uungwana wake. Lakini ukiifuata sababu hiyo hadi mwisho, siri inakuwa mali ya wakili: akitaka kunyamaza atanyamaza, na akikosana na mteja kwa ajili ya fedha, kama Giffard, basi hakuna cha kumzuia kusema.

Tena heshima ni ya waungwana wengi, si ya wanasheria peke yao. Jambo hili lilikuja kukatwa mwaka 1776, wakati Mwanamke Mkuu wa Kingston aliposhtakiwa mbele ya Baraza la Malodi kwa kuolewa na mume wa pili wakati wa kwanza yu hai. Daktari wake wa upasuaji, Caesar Hawkins, aliitwa shahidini, akauliza kama analazimika kusema mambo aliyoyajua kwa kazi yake. Jaji Mansfield alimjibu kwamba katika mazungumzo ya kawaida daktari akitoa siri za mgonjwa atakuwa amekosa heshima, ila akiulizwa na mahakama hana budi ajibu. Tangu hapo, katika sheria hiyo ya Kiingereza, daktari anaweza kulazimishwa kusema pale ambapo wakili hawezi. Hadi leo wengi hushangaa kulisikia hilo, kwa kuwa tumezoea kudhani siri zote za kitaaluma ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa hiyo mawakili wa lodi pale Dublin hawakuegemea heshima ya Giffard, ambayo isingefika mbali. Walisema siri ni ya mteja. Mtu hawezi kuendesha shauri bila mwanasheria, na hawezi kumtumia mwanasheria bila kumweleza mambo yake. Kwa sheria ya zama zile mdaawa mwenyewe hakuruhusiwa kuwa shahidi katika kesi yake. Sasa, ikiwa Lodi Anglesea hawezi kuketishwa kizimbani na kuulizwa alisema nini, itakuwaje aulizwe kupitia kinywa cha mtu aliyemkodi amsemee?

Majaji watatu walisikiliza mabishano marefu, na jibu lao ndilo linalofanya kesi hii isomwe bado. Hawakukataa kwamba siri ni ya mteja. Walikubali kwamba anachomweleza mwanasheria wake kwa ajili ya shauri lake kinalindwa. Wakauliza swali jingine: je, maneno haya yalikuwa ya lazima kwa shauri lile? Ili kuendesha mashtaka ya kifo cha mvuvi, mwanasheria alihitaji kujua nani alikuwepo, bunduki ilishikwaje, mashahidi wanaishi wapi. Hakuhitaji kujua kwamba mtoa fedha anamtaka mshtakiwa afe ili abaki na mashamba. Tena, wakasema, mtu akimfunulia mwanasheria mpango mwovu, hajamfunulia kama mwanasheria. Sheria haikumpa mtu msiri ili amsaidie kumwangamiza asiye na hatia. Giffard akaruhusiwa, akasema yote.

Kesi ilichukua siku 15, muda ambao haukuwahi kusikika katika siku zile, na juri ikamwamini James. Hakufaidi. Baba mdogo alikata rufaa juu ya rufaa na kuvuta muda, huku mpwa hana fedha za kuendelea. James Annesley alikufa Januari 1760 bila cheo wala mashamba. Lodi alikufa mwaka uliofuata, kitandani mwake.

Ukiisoma hukumu ile leo unaona ina tundu. Kama kinacholindwa ni kile tu kilichokuwa cha lazima kwa shauri, mteja atajuaje kipi ni cha lazima? Mtu aliyekamatwa kwa wizi hajui sheria. Ndiyo maana ametafuta wakili. Atamwaga yote, la maana na lisilo la maana, na kazi ya wakili ni kuchambua. Ukimwambia baadhi ya maneno yako yatalindwa na mengine hayatalindwa, kutegemea majaji watakavyoona baadaye, atayapima yote kabla hajayatoa, na huenda akaficha lile moja ambalo lingemwokoa.

Hoja hiyo ndiyo Lodi Brougham aliyoiweka wazi mwaka 1833 katika shauri la Greenough na Gaskell. Alisema kinga hii haikutoka katika kuwapenda wanasheria. Imetoka katika ukweli kwamba watu wasio na ujuzi wa sheria wanahitaji wenye ujuzi, na bila kinga kila mtu angebaki na akili yake mwenyewe, au angekwenda kwa wakili na nusu ya habari.

Yupo aliyekuwa amekwisha mpinga, na upinzani wake bado una makali. Jeremy Bentham, katika kitabu chake kikubwa cha ushahidi kilichotoka mwaka 1827, aliuliza: kinga hii inamsaidia nani? Asiye na hatia hana cha kuficha. Wakili wake akilazimishwa kusema, atasema yanayomsafisha. Anayeumia ni mwenye hatia peke yake, na kama mwenye hatia ataogopa kwenda kwa wakili, jamii imepoteza nini? Nimewahi kuisoma hoja hii kwa marafiki kadhaa na wengi huanza kutikisa kichwa kukubali. Udhaifu wake ni kwamba Bentham anawagawa watu makundi mawili kabla hawajahukumiwa. Mwanamke aliyempiga mumewe kwa mchi akijitetea anaweza kuamini moyoni kwamba ameua na ana hatia. Hajui kwamba sheria ina jina la kile alichofanya, wala kwamba kile anachoona aibu kukitaja, vipigo vya miaka, ndicho utetezi wake. Akimficha wakili, ataingia mahakamani na kukiri kosa ambalo kisheria hakulitenda.

Basi mpaka ulihitaji kuchorwa upya, na aliyeuchora vizuri kuliko wote alikuwa James Fitzjames Stephen, Mwingereza aliyekwenda India kuwa mshauri wa sheria wa serikali ya kikoloni na kuandika Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872. Stephen aliliacha swali la Dublin la ulazima. Kwake, kila kinachosemwa kwa wakili katika kazi ya uwakili na kwa ajili ya kazi hiyo kinalindwa, na wakili haruhusiwi kukitoa bila ridhaa ya wazi ya mteja. Neno ni haruhusiwi. Hata akitaka, hata wakikosana kwa ajili ya fedha, mdomo si wake. Na kifungo hicho kinaendelea baada ya kazi kwisha.

Kisha akaweka mfano ambao mtu akiusoma mara moja hausahau. Mteja anamwambia wakili: nimeghushi hati, nataka unitetee. Maneno hayo yanalindwa, kwa kuwa kumtetea mwenye hatia si uhalifu. Mteja mwingine anasema: nataka kupata mali kwa kutumia hati hii ya kughushi, nifungulie kesi. Hayo hayalindwi. Kosa ni lilelile la kughushi, ila wa kwanza analeta jambo lililokwisha kutendeka na wa pili analeta jambo linalosubiri mkono wa wakili likamilike. Mfano wa tatu ni wa mtu anayeshtakiwa kula fedha za mwajiri, na wakili wake, wakati kesi inaendelea, anaona katika daftari la hesabu maandishi ambayo hayakuwepo alipoanza kazi. Hilo nalo halifichwi, kwa sababu mteja anatengeneza ushahidi wa uongo wakati huohuo anaotetewa.

Miaka 12 baadaye Stephen, sasa jaji nyumbani kwao, alipata nafasi ya kuutumia mpaka wake. Railton alikuwa ameshindwa kesi na alikuwa akidaiwa fidia. Yeye na mshirika wake Cox walikwenda kwa mwanasheria kuuliza namna ya kuizuia mali isikamatwe. Baadaye ikaonekana hati yenye tarehe ya nyuma, kana kwamba ushirika wao ulikuwa umevunjwa kabla. Walishtakiwa kwa kula njama ya ulaghai, na mwanasheria waliyemwendea akaitwa kusema walichomuuliza. Mwanasheria huyo hakuwa mwovu, hakujua walichokusudia. Mwaka 1884 Stephen alisoma hukumu kwamba hilo halibadilishi kitu: anayekwenda kwa wakili ili apate zana ya kutendea kosa hajaenda kuomba ushauri wa sheria kwa maana inayolindwa, awe wakili amejua au hajajua.

Sheria ile ya India ndiyo iliyoletwa na Waingereza kutumika Kenya na Tanganyika. Kenya ilipotunga Sheria yake ya Ushahidi mwaka 1963, na Tanzania mwaka 1967, maneno ya Stephen yalibaki karibu yaleyale. Ukifungua kifungu cha 134 cha sheria ya Kenya utayakuta: ridhaa ya wazi ya mteja, mawasiliano ya kazi ya uwakili, na zile njia mbili za kutokea, yaani lengo lililo kinyume cha sheria na kosa ambalo wakili ameliona likitendeka baada ya kuanza kazi. Stephen aliwafunga pia wakalimani na makarani wa mawakili. Kwetu jambo hili si dogo, maana mara nyingi maneno ya mteja hupita kwanza katika sikio la mtu anayeyatafsiri.

Kinachofungwa ni maneno, na hapa watu hukosea. Kisu hakigeuki kuwa siri kwa kuachwa kwenye droo ya wakili. Stakabadhi iliyokuwepo kabla haijifichi kwa kupelekwa ofisini kwake. Mteja mwenyewe akipanda kizimbani anaweza kuulizwa alikuwa wapi usiku ule. Asichoweza kuulizwa ni alimwambia nini wakili wake kuhusu usiku ule. Na wakili aliyeambiwa ukweli hawezi kumpandisha mteja kizimbani aape kinyume chake huku naye akijua.

Limebaki swali gumu kuliko yote. Itakuwaje ikiwa siri ya mteja mmoja ndiyo inayoweza kumwokoa mtu mwingine? Lilifika Baraza la Malodi mwaka 1995, kutoka mji wa Derby. Mwaka 1978 msichana wa miaka 16 aliuawa huko. Kijana mmoja alikiri kwamba ni yeye peke yake, kisha kabla ya kesi akabadili maelezo: muuaji ni baba yake wa kambo. Aliachiwa. Miaka 14 baadaye yule baba wa kambo akashtakiwa, na kijana, sasa mtu mzima, akawa shahidi wa upande wa mashtaka. Utetezi ukataka kuona aliwaambia nini mawakili wake katika ile miezi kati ya kukiri na kugeuka. Yalikuwa ombi la haki kabisa. Kama katika maelezo hayo kijana aliendelea kusema ni mimi, mtu aliyekuwa akikabiliwa na kifungo cha maisha angekuwa na silaha kubwa mkononi. Kijana alikataa kuruhusu. Hakimu wa Derby, akifuata hukumu mbili za nyuma zilizosema mizani itumike katika hali kama hii, aliamuru maandishi yatolewe.

Malodi walizifuta hukumu zote mbili. Jaji Mkuu Taylor aliirudia historia yote hadi kwa Thomas Hawtry wa mwaka 1577, kisha akaeleza kwa nini hakuna mizani. Kama mahakama ingepima kila mara, wakili hangeweza kumwambia mteja kwamba analoambiwa halitatoka. Angelazimika kusema halitatoka, isipokuwa siku moja jaji aone kuna mtu analihitaji zaidi yako. Mpimo ulikwisha kufanyika, alisema, katika karne ya 16, na tangu hapo unahusu kila kesi. Hakuficha kwamba katika shauri moja moja mtu anaweza kuumia kwa hilo.

Kesi ya baba wa kambo ikaendelea bila yale maandishi. Mwaka 1996 juri ilimtia hatiani kwa mauaji, akafungwa maisha. Alichosema kijana kwa mawakili wake mwaka 1978 hakikusomwa mahakamani.